Mama na Kazi: Picha ya Msuko, na Ruhusa ya Mwenye Kichwa

Katika barua za miezi hii miwili zimo mbili ambazo tumeziweka mezani pamoja, ingawa waandishi wake hawajuani.

Ya kwanza imetoka kwa msusi wa Morogoro. Amepanga chumba kimoja, amesuka kwa miaka tisa, na anasema kila anayeketi mbele yake hurudi. Lakini wateja wapya hawaji. Wanaona picha za saluni nyingine kwenye simu zao na kwenda huko, hata kama ni mbali zaidi. Picha zake yeye hutoka nyeusi tupu, "kama sufuria iliyoungua," na rafiki yake amemshauri achukue za watu wengine mtandaoni aweke jina la saluni yake. Anatuuliza afanyeje.

Barua ya pili ni ya mama mmoja wa Dodoma, mwimbaji wa kwaya. Nywele zake za pembeni zilikuwa zimekatika, na kwa mwaka mzima alikuwa akijifunga kilemba ili watu wasijue. Msusi wake alimsuka vizuri sana, akaziba mahali palipokuwa wazi. Kisha, bila kumwambia, akaweka kwenye Status yake picha mbili pamoja, kabla na baada. Mwenzake wa sauti ya pili akaiona, akamtambua kwa hereni. Mama huyu ameacha kwenda mazoezi ya kwaya, na kwa msusi yule hajarudi.

Msusi huyo wa Dodoma, kwa kadiri tunavyoona, hakuwa na nia mbaya. Alikuwa anajivunia kazi yake, kama msusi wa Morogoro anavyotamani kujivunia ya kwake. Kwa hiyo tutazungumza kwanza jinsi ya kupata picha nzuri ya msuko kwa simu ya kawaida, halafu tutazungumza juu ya ruhusa, na hapo tutakaa zaidi kidogo. (Wako watakaotukumbusha aliyoyaandika Petro kwa wanawake juu ya kusuka nywele. Barua zenu tunazo, na siku ya mjadala huo itafika. Leo tunazungumza na wale ambao kitana ndicho kinachosomesha watoto wao.)

Tuanze na ushauri wa yule rafiki. Kuchukua picha ya msuko wa mtu mwingine na kuiita yako ni uongo, na kwa msusi ni uongo unaogunduliwa haraka, kwa sababu mteja huja na picha ileile mkononi na kusema, "Nataka hivi hivi." Sasa utasuka huku ukishindana na mkono usioujua, kwenye nywele za aina nyingine, labda picha yenyewe ikiwa imerekebishwa. Akijitazama kwenye kioo na kuona tofauti, utakuwa umempoteza yeye na dada zake wote. Picha yako iliyo hafifu kidogo, lakini ya kweli, inakuletea mteja anayetaka kile unachokiweza.

Na mteja huyo hutazama nini? Tuliwauliza wasusi watatu wenye wateja wengi, na wote walisema jambo moja: mtu anayejua nywele haangalii urefu wala rangi kwanza. Anaangalia njia, yaani ile mistari ya ngozi kati ya msuko na msuko, kama imenyooka na masanduku yake yanalingana. Anaangalia mwanzo wa msuko penye ngozi, kama ni laini au umevimba. Anaangalia ukingo wa nywele kwenye paji la uso na nyuma ya masikio. Mwisho anaangalia ncha, kama zimefungwa vizuri kwa maji ya moto au zimeachwa zikichomoza. Picha inayoonyesha mambo hayo manne inatosha. Picha ya mteja anayetabasamu barabarani inapendeza, lakini inaonyesha tabasamu.

Kwa nini basi picha za dada yetu wa Morogoro zinatoka nyeusi? Alituandikia jinsi chumba chake kilivyo, na jibu limo humo. Mlango mmoja unatazama mashariki, dirisha hakuna, kwenye dari kuna taa ndefu nyeupe, na juu ya kioo kuna balbu ya njano. Yeye humgeuzia mteja mgongo wake kwenye ukuta wa ndani, anawasha taa zote mbili, na giza likizidi anatumia taa ya simu.

Nywele zetu ni nyeusi, na nyeusi hunyonya mwanga. Taa iliyo juu ya utosi huangaza utosi peke yake, na kuacha shingo na masikio gizani. Taa nyeupe na balbu ya njano zikiwaka pamoja, simu haijui ifuate rangi ipi, hivyo nywele nyeusi hutoka za kahawia upande mmoja na za kijani kibichi upande wa pili. Na taa ya simu ndiyo mbaya kuliko zote. Inapiga moja kwa moja kutoka mbele, kwa hiyo inafuta vivuli vyembamba vinavyoonyesha msuko umesukwaje, huku jeli na mafuta yaking'aa kama madoa meupe kwenye ngozi. Kazi ya saa sita inaonekana kama kofia.

Dawa yake ni mlango. Azime taa zote, aweke kiti ndani ya chumba hatua moja au moja na nusu kutoka mlangoni, na mteja aketi ubavu wake ukielekea nje. Mwanga unaoingia kwa ubavu hupita juu ya misuko ukiangaza upande mmoja wa kila msuko na kuacha kivuli chembamba upande wa pili, na vivuli hivyo ndivyo vinavyofanya kila mstari uonekane. Lakini jua lenyewe lisimguse mteja. Kwa kuwa mlango wake unatazama mashariki, asubuhi jua linaingia kali, na picha itakuwa nusu nyeupe nusu nyeusi. Kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na moja jua limehamia nyuma ya nyumba, na mlangoni unaingia mwanga wa anga tu, laini na mwingi. Huo ndio wakati wake. Mwenye mlango unaotazama magharibi afanye kinyume, apige asubuhi. Siku ya mawingu ni nzuri saa yoyote. Na kama mteja amemaliza saa nne asubuhi, na mlango ni wa mashariki, shuka jeupe jepesi likitundikwa mlangoni hugeuza jua kali kuwa mwanga wa kufaa.

Kwa hiyo tulimwandikia apange siku yake hivi. Mteja wa rasta za kati zisizo na fundo, ambazo kwake huchukua pakiti sita na saa sita, aanze saa tatu asubuhi. Atamaliza saa tisa alasiri, mwanga ukiwa mzuri. Wa twende kilioni, anayechukua saa mbili tu, anaweza kuwekwa mchana.

Akimaliza kusuka, asikimbilie simu. Kwanza apunguze nywele zinazochomoza kwa mkasi mdogo, achovye ncha, apake povu la nywele na kufunga kitambaa kwa dakika kumi misuko ilale. Kisha afute kwa kitambaa chenye unyevu jeli iliyobaki kwenye njia na kwenye masikio, kwa sababu jeli ikikauka huwa nyeupe, na kwenye picha inaonekana kama mba. Amfunike mteja mabegani kwa kitambaa kisicho na maua. Khanga yenye jina na kitenge chenye ndege ni vizuri, lakini jicho la mtazamaji litakwenda kwenye ndege. Nyuma yake, hatua mbili hivi, atundike shuka la rangi ya krimu au kijivu. Upande wa mteja ulio mbali na mlango utakuwa na giza kidogo. Mtu ashike karatasi ya manila nyeupe karibu na bega hilo, nje ya picha, nayo itarudisha mwanga.

Kisha afute lenzi ya simu. Jambo hili ni dogo mno hata tunaona haya kuliandika, lakini mpiga picha wa harusi aliyetusaidia alisema kuwa ndilo analolikuta kwa wasusi wote. Mikono ina mafuta, mikono inashika simu, na picha zinatoka na ukungu kama zimepigwa kwenye moshi. Kitambaa safi cha pamba kinatosha. Kama simu ina kile kifaa cha kulainisha uso, akizime pia, kwa maana kinalainisha na msuko. Njia zinafifia na kazi inaonekana kama imechorwa.

Asimame kama mita moja na nusu, na kama simu ina alama ya 2x aiguse badala ya kusogea. Simu ikisogezwa karibu sana hukuza kilicho mbele, paji likawa kubwa na masikio yakakimbia nyuma. Halafu aguse kioo cha simu mahali nywele zilipo. Hapo penye nywele panahitaji maelezo. Simu hupenda picha nzima iwe na mwanga wa wastani. Ikiona shuka jeupe nyuma, hupunguza mwanga, na nywele zinazama. Ikiona nguo nyeusi na ukuta mweusi, huongeza mwanga, na nywele nyeusi zinageuka majivu. Ukigusa kwenye nywele unaiambia ipime hapo. Simu nyingi zitaonyesha alama ndogo ya jua kando. Ipandishe taratibu mpaka uone msuko mmoja mmoja ukitengana na mwenzake. Njia za ngozi zikianza kung'aa nyeupe, umepita, rudi kidogo.

Picha tano zinatosha: nyuma, ubavuni juu ya sikio, utosini kutoka juu, ukingo wa paji kwa karibu, na ncha zikiwa zimelala mgongoni. Chini ya picha aandike maneno ambayo mteja angeuliza kwa simu: aina ya msuko, pakiti ngapi, saa ngapi, bei, na mahali. Akituma kwa WhatsApp achague HD, la sivyo picha inabanwa na zile njia nyembamba zinapotea.

Kuna jambo moja picha nzuri itakalomfanyia msusi hata asipotaka. Itamwonyesha makosa. Ukiona kwenye picha ya karibu vipele vidogo vyeupe penye mwanzo wa misuko, au ngozi ya paji imevutwa mpaka nyusi zimepanda, msuko umekazwa mno. Huko ndiko nywele za pembeni zinakoanza kukatika, na mteja mjuzi anaviona vipele vile kwenye picha na kupita. Picha ya namna hiyo isifichwe kwa marekebisho ya simu. Mteja aketi tena, msuko ulegezwe.

Kwa wenye kazi ya kucha na mapambo ya uso, mengi ya hayo yanafaa vilevile: ubavu kwa mlango, taa zizimwe, lenzi ifutwe. Kucha ni rahisi kwa kuwa mkono hauna jina, ingawa pete huwa nalo. Mapambo ya uso ni magumu kwa sababu uso hauwezi kufichwa, na hapo tunaingia kwenye sehemu ya pili.

Yule mama wa Dodoma uso wake haukuonekana pia. Alitambuliwa kwa hereni. Wengine hutambuliwa kwa alama ya kuzaliwa shingoni, kwa gauni la sare ya harusi fulani, au kwa sauti ya maneno yaliyoandikwa chini. Kwa hiyo asiwepo msusi atakayesema, "Nimepiga kwa nyuma tu, ruhusa ya nini?" Na tutazame kioo. Saluni zetu zina vioo pande mbili, na katika picha ya mteja mmoja mara nyingi wamo wengine watatu: mmoja nywele zimesimama nusu, mwingine ananyonyesha, wa tatu amevua hijabu yake kwa kuwa aliambiwa humu ndani ni wanawake watupu. Huyo wa tatu hakuulizwa kitu na nywele zake sasa zinatazamwa na wanaume asiowajua. Kabla ya kupiga, funika kioo kwa khanga, na utazame kingo za picha, si katikati tu.

Ruhusa iombwe lini? Wasusi wengi huomba mwishoni, mteja akiwa amesimama na pesa mkononi. Tunaona huo ni wakati mbaya. Ameketi saa sita, ameshukuru, wengine wanasikiliza, na kwa malezi yetu ni vigumu mtu kumkatalia uso kwa uso aliyemhudumia vizuri. Atasema "sawa tu." Hiyo ni ndiyo ya heshima, na aliyelelewa kwetu anaijua: sauti imeshuka, macho yako chini, au anacheka kidogo na kusema "utajua mwenyewe." Msusi akisikia hivyo ahesabu kuwa ameambiwa hapana.

Afadhali kuuliza mwanzoni, wakati mnapatana bei, kwa maneno yanayompa mlango wa kutokea. Mmoja wa wasusi tuliozungumza nao husema hivi: "Dada, nikimaliza ningependa kuupiga picha msuko huu ili wengine waone kazi yangu. Nitapiga nyuma, uso hautakuwemo. Nitakuonyesha kwanza, usipoipenda naifuta ukiona. Na ukisema hapana, bei ni ileile na msuko ni uleule." Kisha huendelea kuchana nywele bila kusubiri jibu kwa macho. Wengine hujibu papo hapo, wengine baada ya saa nzima, na hasira hana. Kwa wakubwa wake hutumia "mama" au "shangazi," na anasema hao ndio huuliza maswali mazuri zaidi: itakwenda wapi, na nani ataiona?

Swali hilo la "wapi" ndilo ambalo wengi wetu hatulitenganishi. Albamu ya saluni inaonwa na anayeingia saluni. Status inaonwa na wenye namba yako na kutoweka baada ya saa 24, ingawa yeyote anaweza kuinakili kabla ya hapo. Ukurasa wa Instagram au TikTok unaonwa na yeyote, popote. Bango la barabarani linakaa miaka, na mume, mkwe, mwajiri na mchungaji wote watapita chini yake. Mteja aliyekubali albamu hajakubali bango. Kila mahali paulizwe peke yake, na kwa bango tungependa mteja alipwe kitu, hata kama ni kusukwa bure mara mbili, kwa kuwa uso wake unafanya kazi mchana na usiku. Punguzo la bei kwa picha za kawaida hatulipendi sana. Mwenye shida ya shilingi elfu mbili atakubali jambo ambalo hakulitaka.

Majibu yaandikwe. Daftari la shule linatosha, lenye safu tano: tarehe, jina, picha gani, mahali gani, sahihi. Mstari mmoja utasomeka hivi: "Tarehe 14, Mama fulani, nyuma na utosi, uso hapana, albamu ndiyo, Status ndiyo, Instagram hapana," na sahihi yake mwisho. Asiyependa kuandika atume ujumbe wa sauti. Daftari humsaidia msusi mwenyewe. Baada ya miezi minne, akiwa na picha mia mbili kwenye simu, hatakumbuka nani alisema nini.

Picha ya "kabla" iombewe ruhusa yake yenyewe, mbali na ya "baada." Mtu anaweza kufurahia msuko wake uonwe na dunia nzima, na asitake mtu hata mmoja ajue ngozi yake ilivyokuwa chini. Nywele hukatika kwa kukazwa, lakini pia kwa kujifungua, kwa dawa za saratani, kwa maradhi ya ngozi. Msusi hajui, na hapaswi kumfanya mteja aeleze. Akitaka kuonyesha uwezo wake wa kuficha mahali palipokatika, anaweza kuandika maneno tu, "tunahudumia pia nywele zilizokatika pembeni, faragha ipo," na watakaoelewa wataelewa. Msusi mmoja alituambia kuwa maneno hayo yamemletea wateja wengi kuliko picha yoyote.

Watoto. Likizo ya Desemba saluni hujaa wasichana, na wengi huletwa na shangazi au dada wa nyumbani. Ndiyo ya shangazi haitoshi. Mzazi au mlezi apigiwe simu. Bibi harusi naye asubiriwe. Picha ya nywele au hina yake ikitoka kwenye Status asubuhi ya harusi, bwana harusi ameshamwona kabla hajafika kanisani. Mama mkwe naye atakuwa ameona.

Je, msusi aombe ruhusa ya mume? Tumeulizwa mara nyingi. Sisi tunaona anayeulizwa ni mwenye kichwa. Akisema, "Ngoja nizungumze nyumbani kwanza," apewe nafasi hiyo, na picha isitoke mpaka arudishe jibu. Lakini msusi asimpigie mume wake.

Sheria nayo imeingia katika mambo haya. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na picha inayomtambulisha mtu ni taarifa yake. Habari za afya ya mtu zinahesabiwa kuwa nyeti zaidi. Kenya walitangulia kwa sheria ya mwaka 2019, na Septemba 2023 kamishna wao wa ulinzi wa data alitoza faini ya shilingi 1,850,000 za Kenya kwa mgahawa mmoja wa Nairobi uliotangaza picha ya mteja mtandaoni bila ridhaa yake, na shilingi 4,550,000 kwa shule iliyotumia picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi. Hizo ni biashara kubwa kuliko chumba cha Morogoro, lakini kosa ni lile lile la yule msusi wa Dodoma.

Aliyekubali anaweza pia kubadili nia. Ameolewa, amepata kazi nyingine, ameokoka, au amechoka tu kujiona. Msusi asibishane naye. Aiondoe picha kwenye ukurasa, kwenye albamu, na kwenye simu yenyewe, akikumbuka kuwa iliyofutwa hukaa kwanza kwenye pipa la simu kwa wiki kadhaa mpaka ifutwe na humo, na kwamba Google Photos inaweza kuwa imeweka nakala. Kisha aandike kwenye daftari, "imeondolewa," na tarehe. Asiloweza ni kurudisha nakala zilizokwisha kusambaa, na hili amwambie mteja tangu siku ya kwanza, kabla hajaweka sahihi.

Kwa mama wa Dodoma tumejibu kwa barua ya faragha. Kwa ufupi, tumemwambia ana haki ya kudai picha zote mbili zifutwe akiwepo, pamoja na zilizo kwenye pipa, na kumtaka msusi awaombe wale aliowaona wameitazama wasiisambaze. Status huonyesha majina ya walioitazama, ila ayatafute mapema, kwa maana orodha hiyo haikai. Msusi wa Morogoro ametuandikia tena. Picha zake tano za kwanza ametuma, utosi umetoka vizuri sana, ubavu bado una giza upande wa ndani. Hakuwa na karatasi ya manila. Alitumia mfuniko wa ndoo ya bluu, na shavu la mteja limekuwa bluu.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutazungumzia jinsi ya kupanga bei ya msuko pale mteja anapokuja na pakiti zake mwenyewe. Wenye maswali juu ya hilo watuandikie kabla ya tarehe 10.